Viazi lishe: Safari ndefu ya vitamini A kutoka kwenye tuta hadi mwilini mwa mtoto

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kaya nyingi za Kanda ya Ziwa, mtoto anaweza kulala akiwa ameshiba ugali au viazi kila siku ya mwaka, na bado mwili wake ukawa na njaa.

Njaa hiyo haionekani kwa tumbo lililobonyea wala mbavu zilizotokeza. Mtoto anacheza, anakula na pengine uzito wake ni wa kuridhisha, lakini mwili wake unakosa vitamini na madini ambayo huhitajika kwa kiasi kidogo sana na hayana mbadala. Wataalamu wa lishe huiita njaa iliyofichika.

Kwa upande wa vitamini A, dalili ya kwanza inayoweza kutambuliwa nyumbani hujitokeza jua linapozama. Mtoto aliyekuwa akikimbia mchana huanza kupapasa ukuta, hujikwaa kwenye kigoda na hakuoni kikombe alichowekewa mbele yake. Kabla ya kufikia hapo, kinga ya mwili huwa imekwisha kudhoofika, na ndiyo maana surua na kuhara humpiga mtoto wa namna hiyo kwa nguvu zaidi kuliko mwenzake.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto uliofanyika nchini mwaka 2010, ambao ulipima pia damu, ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya watoto wa umri wa kati ya miezi sita na miaka mitano walikuwa na upungufu wa vitamini A.

Serikali imekuwa ikikabiliana na tatizo hilo kwa njia mbili zinazofahamika zaidi. Ya kwanza ni matone ya vitamini A, ambayo watoto walio chini ya miaka mitano hupewa mara mbili kwa mwaka. Ya pili ni kuongeza virutubishi viwandani, ambapo kanuni za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda kuongeza vitamini A kwenye mafuta ya kula, pamoja na madini ya chuma na virutubishi vingine kwenye unga.

Njia zote mbili zina manufaa, lakini kila moja ina mwanya. Kinga ya matone hudumu kwa miezi minne hadi sita tu. Bidhaa za viwandani nazo haziifikii kaya inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini na kununua mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa jirani.

Hapo ndipo inapoingia njia ya tatu, nayo ni kukiweka kirutubishi ndani ya zao lenyewe, lile ambalo kaya tayari hulima na kula. Wataalamu huiita urutubishaji wa mazao kibaiolojia, na mfano wake uliofanyiwa utafiti mwingi zaidi katika Afrika ni kiazi kitamu chenye nyama ya rangi ya chungwa, ambacho hapa nchini kimezoeleka kwa jina la viazi lishe.

Makala haya yanafuatilia safari ya vitamini A katika kiazi hicho, kuanzia rando linapopandwa hadi mtoto anapokula, kwa kuwa kirutubishi kinaweza kupotea katika kila hatua ya safari hiyo.

Rangi ndiyo dawa yenyewe

Viazi vitamu ambavyo wakulima wengi wa ukanda huu wamevizoea vina nyama nyeupe au ya manjano hafifu. Vinashibisha, lakini havina vitamini A ya kutosha kuhesabika.

Kiazi lishe hupata rangi yake kutokana na betakarotini, kitu kile kile kinachoipa karoti rangi yake. Mwili wa binadamu huigeuza betakarotini kuwa vitamini A kadiri unavyoihitaji, na ndiyo sababu mtu hawezi kupata madhara ya kuzidisha vitamini hiyo kwa kula viazi, tofauti na anayemeza vidonge bila ushauri wa daktari.

Ifahamike pia kuwa viazi hivi havikutokana na uhandisi wa vinasaba, kama baadhi ya watu wanavyodhani. Viazi vya rangi ya chungwa vimekuwapo kwa muda mrefu, hasa katika bara la Amerika lenye asili ya zao lenyewe. Kazi ya watafiti imekuwa kuvipandanisha kwa njia ya kawaida na aina za Afrika, kisha kuchagua miche yenye sifa zinazotakiwa kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 2016, Tuzo ya Chakula ya Dunia ilitolewa kwa watu wanne waliotambuliwa kwa kazi ya urutubishaji wa mazao. Watatu kati yao, Maria Andrade, Robert Mwanga kutoka Uganda na Jan Low, walikuwa wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi na walitambuliwa kwa kazi yao juu ya kiazi hiki. Wa nne ni Howarth Bouis, aliyeanzisha juhudi za kimataifa za kurutubisha mazao mbalimbali.

Je, kiasi gani kinatosha? Tuchukue kiazi chenye mikrogramu 50 za betakarotini katika kila gramu moja ya nyama yake mbichi, kiwango ambacho aina nzuri za rangi ya chungwa hukifikia. Kipande cha gramu 125, yaani kiazi kidogo au nusu ya kiazi cha wastani, kitakuwa na mikrogramu 6,250.

Kuchemsha huondoa takriban sehemu moja ya tano, hivyo hubaki kama 5,000. Wataalamu hukadiria kuwa mwili huhitaji mikrogramu 12 za betakarotini ya chakulani ili kupata moja ya vitamini A. Kwa hesabu hiyo mtoto anapata zaidi ya mikrogramu 400, ambazo zinakidhi mahitaji ya siku ya mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu.

Hesabu hiyo imethibitishwa pia katika miili ya watoto. Katika utafiti wa Afrika ya Kusini, uliochapishwa mwaka 2005, wanafunzi wa shule ya msingi walipewa gramu 125 za kiazi cha rangi ya chungwa kilichochemshwa na kupondwa kwa siku 53 za masomo. Akiba ya vitamini A katika maini yao iliongezeka ikilinganishwa na wenzao waliopewa kiazi cheupe.

Tatizo la kwanza: Marando hufa kiangazi

Kiazi kitamu hakipandwi kwa mbegu inayohifadhiwa ghalani kama mahindi au maharage. Hupandwa kwa rando, kipande cha mmea ulio hai, na kitu kilicho hai lazima kinywe maji.

Katika mikoa kama Shinyanga na sehemu kubwa ya Mwanza, mvua hukatika kuanzia mwezi Mei na kurejea kati ya Oktoba na Novemba. Katika miezi hiyo mashamba hukauka, na mavuno yakiisha kutolewa, ng'ombe na mbuzi huachiwa wale mabaki.

Wakulima wenye viwanja mabondeni huweza kuhifadhi marando. Wengine husubiri mvua ya kwanza iyachipushe mabaki ya viazi yaliyosahauliwa ardhini, kisha wakate marando kutoka kwenye machipukizi hayo. Kwa njia hiyo mkulima huweza kuchelewa kupanda hata kwa miezi miwili.

Aina za kienyeji zimezoea maisha hayo. Aina nyingi za rangi ya chungwa zilizoletwa mwanzoni hazikuyaweza. Kaya ilipewa marando ya bure mwezi Desemba, ikavuna vizuri mwezi Aprili, na ilipofika Desemba nyingine haikuwa na cha kupanda.

Takwimu za ugawaji zilionyesha mafanikio, lakini mashamba yalikuwa yamerudi kwenye kiazi cheupe.

Jibu lililofanyiwa majaribio na watafiti nchini Uganda na katika Kanda ya Ziwa ni la kushangaza kwa wepesi wake, kwani linahitaji beseni, mchanga na gazeti kuukuu.

Mkulima huanza shambani kabla ya kuvuna. Hutia alama mashina yaliyo na afya, na wakati wa kuchimba huchagua kutoka mashina hayo viazi vidogo na vya wastani visivyo na jeraha wala tundu la mdudu.

Beseni hutandikwa gazeti, kisha humwagwa mchanga mkavu uliokwisha kupoa, kwa maana mchanga wenye joto la jua huozesha. Viazi hupangwa bila kugusana, hufunikwa kwa mchanga, hupangwa safu nyingine na kufunikwa tena. Beseni huwekwa ndani ya nyumba, mahali penye ubaridi, mbali na kuku na watoto.

Kila mwezi viazi hivyo hukaguliwa. Kilichooza au kilichoingiliwa na fukusi huondolewa, na machipukizi yaliyotangulia mapema mno hukatwa ili kiazi kisimalize nguvu zake.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua kutarajiwa, viazi hupandwa kwenye kitalu karibu na nyumba, kwa nafasi ya nusu mita kati ya kimoja na kingine. Kitalu huzungushiwa uzio wa miiba kuzuia mbuzi, na humwagiliwa kila baada ya siku chache.

Viazi 40 vilivyotunzwa hivyo vinaweza kutoa marando kama 1,500 ifikapo mvua ya kwanza. Kitalu chake hakizidi mita za mraba 10, eneo ambalo kaya inaweza kulimwagilia kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, alimradi hayana sabuni nyingi.

Kiwanja cha kaya moja

Ili msomaji aone maana ya marando hayo, tuchukue kaya ya mfano. Ina baba, mama anayenyonyesha, mtoto mchanga, watoto wawili wa miaka miwili na minne, na bibi.

Marando 1,500 yakipandwa kwa umbali wa sentimita 30 kati ya rando na rando, kwenye matuta yaliyoachana mita moja, yatachukua mita za mraba 450. Hiyo ni karibu sehemu moja ya tisa ya ekari, na haimlazimu mkulima kupunguza shamba la mahindi au la pamba.

Tukikadiria mavuno ya tani sita kwa hekta, ambayo si makubwa, kiwanja hicho kitatoa takriban kilo 270.

Watoto wawili wakila gramu 125 kila mmoja kwa siku, na mama akila gramu 250 kwa kuwa vitamini A hupita kwenye maziwa yake kwenda kwa mtoto mchanga, matumizi ni nusu kilo kwa siku. Wakichimbua kidogo kidogo kuanzia Machi hadi Julai, siku zipatazo 150, watatumia kilo 75.

Kwa hiyo, hata mavuno yakipungua hadi nusu, mahitaji ya wale watatu yatatimia na kubaki ziada kwa baba, bibi na soko. Hesabu inaonyesha kuwa ukubwa wa ardhi siyo kikwazo kikubwa hapa. Kikwazo ni kama kiazi hicho kitapandwa tena msimu ujao, na kama sehemu ya mtoto itamfikia mtoto.

Virusi, fukusi na jicho la mkulima

Maadui wawili huweza kuvuruga hesabu hiyo. Wa kwanza ni ugonjwa wa virusi unaotokea pale virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja, kimoja kikiletwa na vidukari na kingine na inzi weupe. Kila kirusi peke yake huweza kuvumiliwa, lakini vikiungana vinaweza kuondoa zaidi ya nusu ya mavuno.

Kwa kuwa rando ni kipande cha mmea mzazi, mkulima anayekata marando kwenye shina lenye ugonjwa anaupanda ugonjwa huo yeye mwenyewe. Dalili zake zinaonekana wazi kwa anayezitafuta. Shina hudumaa, majani huwa madogo na membamba, hujikunja na kupauka. Shina la namna hiyo hung'olewa mapema, wala halikatwi marando hata kama ya kupanda hayatoshi.

Adui wa pili ni fukusi, ambaye hupenya kwenye nyufa za udongo wakati wa ukame na kutoboa kiazi. Kiazi kilichoshambuliwa huwa kichungu na hutoa harufu kali, kiasi kwamba hata sehemu iliyoonekana nzima hailiki.

Njia za kumpunguza ni kufukia nyufa kwa kupandishia matuta udongo, kuvuna kabla ardhi haijakauka sana, na kutumia sehemu ya juu ya rando badala ya ile ya chini iliyokomaa, kwani fukusi hupenda kutaga mayai kwenye shina karibu na udongo.

Watu wazima hupenda kiazi cha unga

Kiazi kikitoka shambani salama, hukutana na hakimu mwingine, nao ni ulimi.

Walaji wengi wa ukanda huu hupenda kiazi kikavu, chenye unga, kile ambacho mlaji hulazimika kukisukuma kwa chai. Viazi vya rangi ya chungwa vya mwanzo, vyenye asili ya Amerika, vilikuwa vya majimaji na laini. Watoto walivipenda, lakini watu wazima walivibeza, na katika kaya watu wazima ndio huamua kinacholimwa.

Tatizo hilo lina chanzo cha kibaiolojia, kwa kuwa katika aina nyingi betakarotini ikiongezeka, ukavu hupungua. Iliwachukua watafiti miaka mingi kupata aina zenye vyote viwili kwa kiasi cha kuridhisha. Miongoni mwa zilizopatikana ni Ejumula na Kabode kutoka Uganda, ambazo zimelimwa pia Kanda ya Ziwa, pamoja na Mataya na Kiegea zilizotolewa hapa nchini.

Rangi nayo ina historia yake. Wazee wanaokumbuka mahindi ya njano ya msaada, maarufu kama Yanga, wanajua jinsi chakula kinavyoweza kudharauliwa kwa rangi tu, kikahusishwa na dhiki. Nchini Msumbiji, waliohamasisha kiazi lishe waliamua kuifanya rangi iwe fahari. Vibanda vya sokoni na magari yalipakwa rangi ya chungwa, ili mnunuzi akiiona rangi hiyo akumbuke afya ya mtoto wake.

Jikoni: Mafuta, mvuke na jua

Hatua ya jikoni ndiyo inayomhusu moja kwa moja mkazi wa mjini, ambaye halimi lakini hununua.

Betakarotini huyeyuka katika mafuta na siyo katika maji. Mtoto anayekula kiazi kikavu kwa chai ya rangi anafyonza kiasi kidogo kuliko yule ambaye mlo wake una mafuta kidogo. Hayahitajiki mengi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta, karanga zilizopondwa, tui la nazi au maziwa yasiyoondolewa mafuta vinatosha.

Kuchemsha na maganda yake katika sufuria iliyofunikwa, au kupika kwa mvuke, huhifadhi sehemu kubwa ya betakarotini. Kiazi kilichochemshwa kikipondwa na kuchanganywa katika uji hufaa kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula vyakula vya nyongeza. Kiazi hicho hicho kinaweza kukandwa pamoja na unga wa ngano kutengeneza chapati au maandazi, na hivyo kupunguza unga wa kununua.

Mahali ambapo kirutubishi hupotea kwa wingi ni kwenye kukausha na kuhifadhi. Wasukuma wana utaalamu wa siku nyingi wa kutengeneza michembe, yaani vipande vya viazi vibichi vilivyokaushwa, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza kabla ya kuanikwa. Vyakula hivyo vimewavusha wengi katika miezi ya kiangazi.

Kwa nishati, michembe inabaki kuwa akiba nzuri. Lakini kwa vitamini A, mwanga wa jua na hewa huiharibu betakarotini. Vipimo vilivyofanywa kwa vipande vikavu vya viazi vya rangi ya chungwa vilionyesha kuwa kukausha kwenyewe kunaweza kuondoa hadi theluthi moja, na kwamba baada ya miezi minne ya kuhifadhiwa katika joto la kawaida la chumba, sehemu kubwa ya kilichokuwa kimebaki hutoweka.

Dalili ipo machoni. Kipande kilichokuwa cha chungwa iliyokolea kikipauka na kuelekea weupe, kinachobaki ni wanga. Anikeni kivulini, hifadhini gizani, na msitegemee kwa vitamini A michembe iliyokaa miezi mingi.

Kwa mnunuzi wa sokoni, ganda siyo kipimo. Kiazi chenye ganda jekundu kinaweza kuwa cheupe ndani. Mwombe muuzaji akikate kimoja. Kadiri chungwa inavyokolea, ndivyo betakarotini inavyokuwa nyingi. Kiazi chenye nyama ya zambarau kina faida nyingine, lakini rangi hiyo siyo ya vitamini A.

Mbegu bila elimu

Ushahidi wa mapema kwamba zao peke yake halitoshi ulipatikana jirani, magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990. Vikundi vya wanawake vilipewa aina za viazi vya rangi ya chungwa, lakini baadhi tu vilipewa pia elimu ya lishe na namna ya kumwandalia mtoto chakula. Ulaji wa vitamini A kwa watoto uliongezeka katika vikundi vilivyopata elimu hiyo, na siyo katika vilivyopata marando pekee.

Funzo hilo lilitumika katika mkoa wa Zambezia nchini Msumbiji, katika mradi wa miaka miwili ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Kaya zilipewa marando, wazazi wakafundishwa kulisha watoto, na soko likatafutwa kwa ajili ya ziada. Idadi ya watoto wenye kiwango cha chini cha vitamini A katika damu ilishuka kutoka asilimia 60 hadi 38, huku katika vijiji vya kulinganishia hali ikibaki ile ile.

Wasomaji wanapaswa kuitazama namba hiyo ya pili kwa makini. Hata baada ya mradi uliofanikiwa, watoto 38 katika kila 100 walikuwa bado na kiwango cha chini. Malaria, minyoo na maradhi ya kuambukiza huathiri ufyonzwaji na kiwango cha vitamini A katika damu, na kiazi hakiwezi kuyatibu.

Swali lililofuata lilikuwa la gharama. Kati ya mwaka 2006 na 2009, mradi mwingine uliozifikia kaya zipatazo 24,000 Uganda na Msumbiji ulilinganisha mafunzo ya muda mrefu na yale yaliyofupishwa baada ya mwaka wa kwanza. Tofauti ya matokeo ilikuwa ndogo, na zaidi ya nusu ya kaya zililima viazi hivyo katika nchi zote mbili. Elimu ilikuwa ya lazima, lakini haikulazimu irudiwe kila mwezi kwa miaka mingi.

Zao moja halijazi kalenda

Kuna hatari ya kuligeuza zao hili kuwa tiba ya kila kitu. Kiazi lishe hakina madini ya chuma ya kutosha wala protini ya kumtosheleza mtoto. Aidha, kinapatikana kibichi kwa sehemu tu ya mwaka.

Kilimo kinachozingatia lishe hutazama kalenda nzima ya kaya. Katika mfano wetu, viazi vinafunika Machi hadi Julai. Agosti hadi Oktoba kitalu kinachomwagiliwa huweza kutoa matembele machache, ingawa betakarotini ya majani hufyonzwa kwa shida zaidi kuliko ya kiazi, na mchumaji asizidishe hadi akose marando. Papai na boga huongeza katika kipindi hicho. Maembe huja kati ya Novemba na Januari. Mwenye ndugu Kigoma anaweza kupata mawese mekundu, ambayo yana betakarotini na mafuta kwa pamoja.

Matone ya kliniki yanaendelea kuwa muhimu, hasa katika miezi ambayo shamba halina kitu.

Kwa upande wa chuma, kuna maharage yaliyozalishwa kwa njia hiyo hiyo ili yawe na madini hayo kwa wingi. Mwaka 2013, wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko Huye, Rwanda, waliokuwa na akiba ndogo ya chuma, walikula maharage hayo kwa siku 128, na hali yao ya chuma ikawa bora kuliko ya wenzao waliokula maharage ya kawaida.

Lakini maharage hayo yana ugumu ambao kiazi hakina. Chuma hakionekani kwa macho. Mkulima au mnunuzi hawezi kulikata haragwe akajua kama ni lenyewe au limechanganywa njiani, na hivyo humlazimu kumwamini aliyemuuzia mbegu. Kiazi lishe hujitambulisha chenyewe kwa rangi, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizokifanya kienee.

Kutokana na hayo yote, ofisi ya kilimo ya wilaya inayotaka kujua kama mpango wake wa viazi lishe unafanya kazi haitapata jibu kwa kuhesabu magunia ya marando yaliyogawiwa Desemba. Jibu lipo katika maswali mawili yanayoulizwa nyumbani kwa mkulima: Oktoba hii una marando au viazi vya kuotesha vingapi vilivyo hai? Na jana, mtoto wako mdogo alikula nini, na kilikuwa na rangi gani?